Kuhamisha safari ya Genshin Impact kutoka simu hadi PlayStation

Anayecheza Genshin Impact kwenye simu anaweza kuendelea pale pale alipoishia akihamia kompyuta, kwa sababu wahusika, silaha na hatua zake zote hukaa kwenye seva za HoYoverse, wala si ndani ya simu. Gemu ilitoka Septemba 2020, lakini wachezaji wa PlayStation walikuwa kisiwa peke yao hadi toleo la 2.0, Julai 2021, lilipowaruhusu kuunganisha akaunti.

Tuseme unachezea simu ya Android, seva ya Ulaya, na sasa umepata PS5. Kabla hujaigusa, fungua gemu kwenye simu na unakili UID, ile namba iliyo kona ya chini kulia. Hakikisha pia unaikumbuka baruapepe ya akaunti yako na bado unaweza kuifungua. Kisha, PS5 inapokuuliza kama unataka kuunganisha akaunti, kubali, ingiza baruapepe hiyo na uchague Ulaya.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kwa haraka ya kuanza kucheza, mtu huruka swali hilo, na papo hapo anafunguliwa safari mpya iliyofungwa na akaunti yake ya PlayStation. Safari mbili haziunganishwi kuwa moja, hata kama zote ni zako. Ukiona unaombwa kuchagua mmoja wa wale mapacha wawili, simama: hiyo ni dalili kwamba umeingia kwa akaunti nyingine, au kwenye seva nyingine. Kila seva ina safari yake. UID za Ulaya huanza na 7, za Amerika na 6. Ukilinganisha na namba uliyonakili utajua mara moja umepotelea wapi.

Ukiingia sawasawa, utawakuta wahusika wako wote. Kinachoweza kukushtua ni Genesis Crystals, zile zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Simu na kompyuta hutumia mkoba mmoja, PlayStation ina wake. Kama uliacha 980 kwenye simu, PS5 haitazionyesha. Hazijapotea. Rudi kwenye simu uzibadilishe kuwa Primogems, moja kwa moja, nazo zitaonekana kote. Kwa kuwa bahati nasibu moja ya kumpata mhusika hugharimu 160, hizo zinatosha mara sita na 20 zinabaki. Ila ukishabadilisha huwezi kuzirudisha, kwa hiyo kama ulizitunza ununue vazi la mhusika, ambalo hulipiwa kwa Genesis Crystals, nunua vazi hilo kwenye simu kwanza. Ukifungua PS5 utalikuta.

Mpangilio wa vitufe na ubora wa picha utavipanga upya kwenye kila kifaa, na faili za gemu zenyewe utazipakua tena zote, kwa hiyo andaa bando la kutosha.