Amonia ni ile ile, namba zinatofautiana

Fungua kitabu cha kemia utafute konstanti ya msawazo wa amonia kwenye nyuzi 500 za Selsiasi, utakuta 0.060. Fungua kingine, utasoma 0.0000149. Cha tatu huenda kikakupa namba yenye sufuri nane baada ya nukta. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiziona zote tatu kwa siku moja, atadhani vitabu viwili vimekosea. Hakuna kilichokosea. Kila kimoja kimepima gesi zile zile kwa kipimo chake.

Mmenyuko wenyewe ni ule ambao Fritz Haber aliuonyesha mjini Karlsruhe mwaka 1909, na Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaufikisha kiwandani, huko Oppau, mwaka 1913. Ndio unaotoa amonia inayotengenezewa urea ya shambani:

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3

Mmenyuko huu haufiki mwisho. Amonia inaundwa huku nyingine ikivunjika, mpaka kasi hizo mbili zinalingana. Hapo uwiano wa zao kwa malighafi hautikisiki tena mradi halijoto haibadiliki, na uwiano huo ndio konstanti. Ukihesabu kila gesi kwa ukolezi wake, yaani moli ngapi zimo katika lita moja, unapata Kc:

Kc = [NH3]² ÷ ([N2] × [H2]³)

Ukihesabu kila gesi kwa kanieneo lake yenyewe ndani ya mchanganyiko, unapata Kp. Sura ni ile ile, ila mabano yanampisha p:

Kp = p(NH3)² ÷ (p(N2) × p(H2)³)

Sasa tazama vizio. Katika Kc, juu kuna moli kwa lita zilizozidishwa mara mbili, na chini mara nne. Mbili zinafutana na mbili, zinabaki mbili chini. Kwa hiyo 0.060 si namba tupu: ni 0.060 kwa kila (moli kwa lita)², au ukipenda, lita² kwa moli². Kp nayo, ikipimwa kwa atmosfia, inabaki na atmosfia mbili chini.

Daraja kati ya hizo mbili ni kanuni ya gesi kamilifu, pV = nRT. Gawa pande zote kwa V. Kwa kuwa n/V ndiyo ukolezi, unabaki na p = cRT. Maana yake ni rahisi: kila moli moja kwa lita ina thamani ya RT katika kanieneo. Kwenye nyuzi 500, yaani kelvini 773, na R ikiwa 0.08206 L·atm/(mol·K), RT ni 63.4. Gesi yoyote yenye moli moja ndani ya lita moja kwenye joto hilo inasukuma kuta kwa atmosfia 63.4.

Ukiweka cRT mahali pa kila p katika Kp, juu inapatikana RT mara mbili na chini mara nne. Hizo mbili zilizobaki chini ndizo tofauti yote iliyopo kati ya Kp na Kc:

Kp = Kc × (RT)^Δn

Hapa Δn ni moli za gesi upande wa mazao ukitoa moli za gesi upande wa malighafi: 2 − 4 = −2. Basi 0.060 gawa kwa 63.4 mara 63.4, ambayo ni karibu 4,020, unapata 0.0000149 kwa kila atmosfia². Ndiyo namba ya kitabu cha pili.

Ile yenye sufuri nane ilitoka wapi? Ilitoka kwa R nyingine. Wengi wamekariri 8.314 na huitumia popote wanapoiona herufi R. Ukiiweka hapa, RT inakuwa 6,427, na jibu linakuwa 0.00000000145. Mwalimu akiona hivyo hupiga mkasi, lakini jibu si la kutupwa: 8.314 ni lita mara kilopaskali kwa moli kwa kelvini, kwa hiyo hiyo ni Kp sahihi kabisa kwa kila kilopaskali². Kosa ni kuandika "atmosfia" mbele yake. Ukitaka baa, tumia 0.08314, nawe utapata 0.0000145. Njia ya kujikagua ni kuandika vizio vya R kwa ukamilifu kabla ya kugusa kikokotoo: kizio cha kanieneo kilichomo ndani ya R ndicho kitakachotoka katika jibu, na kizio cha ujazo kilichomo lazima kilingane na cha ukolezi wako.

Kuna vitabu vinavyosema konstanti haina kizio, na msomaji hudhani vinapingana na hivi vingine. Navyo viko sawa. Katika nadharia ya nishati, kila kanieneo hugawanywa kwanza kwa kanieneo sanifu, na kila ukolezi kwa moli moja kwa lita, hivyo vizio hutoweka. Kanieneo sanifu lilikuwa atmosfia 1. Mwaka 1982 shirika la IUPAC likapendekeza baa 1. Kizio kimefichwa, hakijafa. Binafsi naona ni afadhali anayejifunza aandike vizio mpaka vimzoee, ndipo avifute.

Kuvificha huku kuna hatari yake unapofika kwenye ΔG° = −RT ln K. Kwa gesi ambazo hali yao sanifu ni baa 1, K inayotakiwa hapo ni Kp kwa baa, na R ni 8.314, safari hii kwa jouli. Kwa amonia yetu jibu ni takriban kilojouli 71.6. Ukiteleza ukaweka Kc ya 0.060, unapata 18.1, na hakuna kizio kitakachokupigia kelele.

Δn nayo huhesabu gesi tu. Katika tanuri la chokaa, CaCO3 inavunjika kuwa CaO na CO2; jiwe na chokaa ni yabisi, hayaingii, kwa hiyo Δn ni 1 na Kp ni kanieneo la CO2 peke yake. Haidrojeni na iodini zinapotoa 2HI, Δn ni sufuri, Kp na Kc zinalingana, na R yoyote haina kazi. Tena soma mlingano ulivyoandikwa: amonia ikiandikwa kwa nusu, ½N2 + 3/2H2 ⇌ NH3, konstanti inakuwa kipeuo cha pili cha ile ya kwanza, 0.00386, na kizio kinabaki atmosfia moja chini badala ya mbili.

Daraja hili lina mpaka, kwa sababu limejengwa juu ya gesi kamilifu. Larson na Dodge, waliopima msawazo wa amonia miaka ya 1920, walikuta kwamba kwenye nyuzi 450 ile Kp ya mlingano wa nusu inapanda zaidi ya mara tatu kanieneo likitoka atmosfia 10 hadi 1,000, ingawa halijoto haikuguswa. Kwa hiyo mhandisi wa kiwanda, anayefanya kazi kwenye mamia ya atmosfia, haweki p tupu katika mlingano; hulirekebisha kwanza kwa kiasi kila gesi inavyokiuka pV = nRT.