Kubadili Rangi za Chati Iliyo Ndani ya PDF

Chukua ripoti ya mavuno ya kurasa 48. Ukurasa wa 14 una chati ya mihimili: wilaya sita, kila moja na mhimili mwekundu wa mahindi na mhimili wa kijani wa mpunga. Kwenye skrini inasomeka vizuri. Ipeleke steshenari ikadurufiwe nyeusi na nyeupe, na mahindi na mpunga havitofautiani tena. Sababu ni ya kimahesabu. Kwa kanuni ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, nyekundu ya `#C00000` huwa 57 hivi na kijani cha `#008000` huwa 75 hivi. Kwenye karatasi ya fotokopi hizo ni kijivu kile kile. Msomaji asiyetofautisha nyekundu na kijani, nao ni wengi hasa miongoni mwa wanaume, hupata shida hiyo hata mbele ya skrini.

Aliyechora chati hayupo, faili lake la awali halipatikani, kilichobaki ni PDF. Rangi bado zinaweza kubadilishwa bila kuchora upya, ila kwanza lazima ujue ndani ya ukurasa huo mna nini.

PDF haijui chati. Inajua maagizo ya kuchora: jaza mstatili huu kwa rangi hii, andika herufi hii mahali hapa. Chati iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya hesabu au ya takwimu huhifadhiwa kama maagizo hayo, na huo ndio mchoro wa vekta. Lakini chati hiyo hiyo ikipigwa picha ya skrini na kubandikwa kwenye ripoti, au ripoti ikiskaniwa, kinachobaki ni pikseli tu. Kuvuta ukurasa karibu sana hukuonyesha tofauti: kingo za vekta hubaki kali, za picha huvunjika ngazi ngazi. Njia ya uhakika zaidi ni kutumia vifaa vya Poppler, ambavyo ni vya bure:

```
pdfimages -list -f 14 -l 14 ripoti.pdf
```

Orodha ikitoka tupu, hakuna picha ya pikseli kwenye ukurasa huo, endelea. Ikionyesha picha ndogo moja, huenda ni nembo ya taasisi. Ikionyesha picha moja ya pikseli kama 2480 kwa 3508, huo ni ukurasa mzima wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, na hapo hakuna mhimili wa kubadilishwa. Programu zina uwezo wa kufuatisha kingo za picha na kuzigeuza vekta, lakini kwa chati yenye maandishi madogo matokeo huwa na kingo zilizopinda na herufi zilizoyeyuka. Ni afadhali kusoma thamani na kuichora upya.

Tuseme orodha ni tupu. Sasa kuna njia mbili za kuutoa ukurasa, na uchaguzi unategemea jambo moja: je, utagusa maneno au rangi tu? Kama ni rangi tu, tumia hii:

```
pdftocairo -svg -f 14 -l 14 ripoti.pdf chati.svg
```

Amri hii hugeuza kila herufi kuwa umbo. Huwezi tena kusahihisha neno, lakini maandishi yatabaki kama yalivyokuwa, hata kama kompyuta yako haina fonti ile. Njia ya pili ni kuifungua PDF yenyewe ndani ya Inkscape na kuchagua ukurasa wa 14 kwenye kidirisha kinachojitokeza. Ukitumia usomaji wa Inkscape wenyewe, yaani `Internal import`, maandishi yanaweza kubaki maandishi, na hapo ndipo matatizo ya fonti huanzia. PDF nyingi hubeba zile herufi tu zilizotumika kwenye waraka, si fonti nzima. Kama fonti hiyo haimo kwenye kompyuta, Inkscape huweka nyingine, na majina ya wilaya hurefuka, hupandana au hutoka kwenye mstari wake. Ili kujua mapema, andika:

```
pdffonts -f 14 -l 14 ripoti.pdf
```

Jina lililotanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha ni fonti iliyobebwa kwa vipande. Kwa kazi yetu ya rangi, mimi huchagua `pdftocairo` bila kusita.

Fungua `chati.svg` kwenye Inkscape. Utakuta ukurasa mzima ni kundi ndani ya kundi, na mara nyingi kuna maumbo yasiyoonekana yanayokata kingo za mengine. Wengi hukimbilia kuvunja makundi yote. Usifanye hivyo. Ukivunja kundi lenye ukataji, vitu vilivyokuwa vimefichwa vinaweza kutokeza, na mkono ukiteleza kidogo unasogeza mhimili kutoka mahali pake. Shikilia `Ctrl` kisha ubofye mhimili mmoja mwekundu, nao utachaguliwa ukiwa ndani ya kundi lake. Kisha nenda `Edit`, `Select Same`, `Fill Color`.

Sasa tazama sehemu ya chini ya dirisha, panapoandikwa idadi ya vitu vilivyochaguliwa. Mihimili ya mahindi ni sita, na kisanduku cha mahindi kwenye ufunguo wa chati ni kimoja. Kwa hiyo tunatarajia saba. Ikiwa sita, kuna kimoja chenye rangi inayokaribiana tu, pengine kile kisanduku cha ufunguo, na ukiendelea chati itasema uongo: mihimili itakuwa na rangi isiyo kwenye ufunguo. Ikiwa nane, huenda mstari ulio chini ya kichwa cha habari nao ni mwekundu ule ule, basi uondoe kwenye uchaguzi kwa `Ctrl+Shift` na kubofya. Ikiwa moja, programu iliyotengeneza PDF iliunganisha mihimili yote kuwa umbo moja, na kwa rangi moja hilo halina madhara. Kama mihimili ina mpito wa rangi badala ya rangi tupu, jaza rangi tupu juu yake. Kama ina mpaka mwekundu, rudia kwa `Stroke Color`.

Idadi ikikubali, fungua `Fill and Stroke` kwa `Ctrl+Shift+F` na uandike `0072B2`, ambayo ni buluu. Rudia kwa mihimili ya mpunga, na uipe `E69F00`, rangi ya machungwa. Zote mbili zinatoka kwenye seti ya rangi ya wanasayansi wa Kijapani Masataka Okabe na Kei Ito, iliyopangwa ili itofautishwe pia na wenye upungufu wa kuona rangi. Kwa kanuni ile ile ya kijivu, buluu huwa 87 hivi na machungwa 162 hivi. Pengo la 18 limekuwa 75.

Kabla ya kuirudisha kwenye ripoti, weka ukurasa wa awali kwenye safu ya chini, na ule mpya juu yake ukiwa nusu angavu. Vilele vya mihimili lazima vilale sawa. SVG haibebi namba za mavuno, inabeba urefu wa mistatili tu, na mhimili uliovutwa kwa bahati mbaya milimita mbili umeshabadilisha takwimu ya wilaya hiyo bila alama yoyote. Kama chati itakwenda kwa mpiga chapa anayetaka wino wa rangi nne, mwambie kwamba rangi hizi ni za skrini, ili azigeuze mwenyewe na kukuletea karatasi ya majaribio. Buluu ya `0072B2` hufifia kidogo kwenye wino, nayo ndiyo ya kukagua kwanza.