Bei ya Jumla Ianze na Bando

Muuza kanga wa jumla Kariakoo anaandika kwenye simu: "Kanga nzuri, korja kwa bei ya jumla, karibuni." Mwenye duka wa Singida anauliza bei. Halafu anauliza korja hiyo ni vipande 20 au doti 20, kwa kuwa doti moja ni vipande viwili na tofauti hapo ni nusu ya mzigo. Maswali yote hayo yangejibiwa na tangazo lenyewe.

Kipimo ndicho cha kuanza nacho. Tuseme mzigo unafika stoo ukiwa umefungwa bando la doti 20. Basi tangazo liseme: "Bando 1 = doti 20, yaani vipande 40; miundo 4, doti 5 kila mmoja." Kiwango cha chini kifuate kifungashio hicho hicho. Anayeandika "kuanzia doti 15" anajilazimisha kufungua bando, na doti tano zinazobaki huwa ni za muundo ambao mteja hakuutaka.

Bei za ngazi nazo zina mtego wake. Chukua mfano: chini ya doti 100, kila doti ni shilingi 9,500, kuanzia 100, shilingi 8,500. Mteja wa doti 90 atalipa 855,000, wakati wa doti 100 analipa 850,000. Aliyechukua kidogo kalipa zaidi, na akigundua atajiona kapunjwa. Ngazi zikihesabiwa kwa bando, tatizo hili linaondoka: bando 4 ni 760,000, bando 5 ni 850,000. Hata hivyo muuzaji aandike wazi kwamba bei ya chini inahusu doti zote za oda, si zile zilizovuka kiwango tu. Aseme pia kama mteja anaruhusiwa kuchanganya miundo ili afikie bando tano, na kama nauli ya mzigo imo. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Muda wa mzigo mpya ndio huachwa mara nyingi, ingawa mwenye duka anauhitaji sana. Anayeuza doti 5 kwa siku, naye mzigo humchukua siku 14 kumfikia, lazima aagize zikiwa zimebaki doti 70. Akingoja zibaki 20, rafu itakaa tupu siku kumi. Kwa hiyo "mzigo unakuja karibuni" haimsaidii. Linalomsaidia ni hili: "Uliopo stoo unatoka siku 2 baada ya malipo. Ukiisha, mzigo mpya huchukua wiki 6. Muundo uleule hauna uhakika wa kurudi."

Sentensi hiyo ya mwisho iandikwe hata kama inapunguza oda za leo. Mteja wa kanga humfuata mwenye duka kwa muundo alioukuta mwanzo, na mwenye duka ana haki ya kujua mapema kama ataweza kumpatia tena.