Ugonjwa wa Kulimbikiza Vitu (Sehemu ya Pili): Kwa Nini Kuchambua Kunaumiza

Wiki iliyopita tuliona kwamba kulimbikiza vitu kupita kiasi si uvivu wala uchafu, na kwamba mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walikuorodhesha kuwa ugonjwa unaojitegemea. Leo tutazame jambo linalowatatiza ndugu wengi: inakuwaje mtu mzima, mwenye akili timamu, atetemeke akiambiwa atupe gazeti la zamani?

Mwaka 2012 David Tolin na wenzake walichapisha utafiti unaotufumbua macho. Wagonjwa walipigwa picha za ubongo huku wakiamua karatasi ipi ibaki na ipi ichanwe. Karatasi nyingine zilikuwa zao, nyingine za watafiti. Kwa karatasi zisizo zao, sehemu za ubongo zinazopima uzito wa jambo na hatari ya kukosea zilitulia kuliko za watu wasio na ugonjwa. Zilipofika karatasi zao wenyewe, sehemu hizohizo zilichacha. Kila karatasi iligeuka kuwa uamuzi mzito, na kuiweka kando ndiyo iliyokuwa njia ya haraka ya kupata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayorefusha rundo.

Tuchukue mfano wa mama mstaafu ambaye magazeti yamemzibia mlango wa nyuma. Watoto wakija na lori akiwa safarini, nyumba itakuwa nyeupe kwa siku moja. Lakini mama hajajifunza kuamua lolote. Atakusanya upya, na safari hii atawafungia mlango.

Mtaalamu huanza kwingine. Kwanza wanakubaliana lengo ambalo mama mwenyewe analitaka, tuseme mlango ufunguke ili moto ukitokea apate pa kutokea. Pili, hakuna anayegusa kitu bila ruhusa yake. Kisha mama anachagua gazeti moja, si lile linalomuuma zaidi, na kutaja hofu yake kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Tuseme anasema nane: "Nikilitupa, nitalihitaji kesho na sitalala." Analitoa kwa mkono wake. Baada ya saa moja anaulizwa tena, na kesho yake pia. Mara nyingi hofu hushuka, na lile alilolitabiri halitokei. Somo hilo halipatikani kwa maneno ya mtu mwingine.

Kazi hii huenda polepole. Tiba iliyobuniwa na Gail Steketee na Randy Frost ilipojaribiwa ilichukua vikao 26, na wengi waliopata nafuu bado walibaki na vitu vingi kuliko kawaida. Hata hivyo, pakiwa na hatari ya moto, au watoto wadogo ndani ya nyumba, njia ya kutokea na jiko visafishwe mapema, mwenyewe akiwepo na akieleweshwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimtembelea mzazi mwenye hali hii, usiende na mifuko ya taka. Muulize ni sehemu gani ya nyumba angependa kuitumia tena, mkaanzie hapo.