Fomu ya Kuazimisha Sura

Kwenye karatasi nyingi za ruhusa za shule kuna sentensi moja inayojirudia kila mwaka: "Ninakubali picha za mwanangu zitumike kwa shughuli za shule." Mzazi hutia sahihi, karatasi ikaingia kwenye faili, basi. Klabu ya filamu au ya kompyuta inapotaka kujaribu kubadilisha sura, yaani kuchukua uso wa mtu mmoja na kuubandika juu ya uso wa mwingine kwenye video, sentensi hiyo haifai kitu. Picha ya siku ya michezo huonyesha jambo lililotokea. Video ya sura iliyobadilishwa humwonyesha mtu akisema maneno ambayo hakuyasema.

Tuseme klabu ya sekondari mjini Mombasa inataka kutengeneza video ya dakika moja. Mwanafunzi wa kwanza atasoma taarifa ya hali ya hewa mbele ya kamera, kisha uso wa mwenzake utabandikwa juu ya wake. Wanatumia programu ya DeepFaceLab. Hapo tayari kuna watu wawili wa kuombwa ridhaa, na fomu nyingi humsahau mmoja. Mwenye kutoa sura hukumbukwa. Mwenye kutoa mwili, ambaye sauti yake, mikono yake na nguo zake ndizo zinazoonekana, huchukuliwa kama mtu wa nyuma ya pazia tu, ilhali programu husoma uso wake vilevile ili ijue wapi pa kubandika. Kila mmoja apewe fomu yake.

Maneno ya fomu yaeleze kazi yenyewe, kwa lugha anayoielewa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kwa mwenye sura, mimi ningeandika hivi: "Nakubali uso wangu urekodiwe kwa video isiyozidi dakika mbili, nikizungumza na kugeuza kichwa. Kompyuta itaikata video hiyo kuwa picha moja moja, pengine maelfu, na kujifunza namna sura yangu inavyoonekana. Kisha sura yangu itabandikwa kwenye video moja tu, ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa iliyoambatishwa hapa." Hayo "maelfu" si chumvi. Video ya picha 25 kwa sekunde hutoa picha 3,000 kwa dakika mbili, na mtu ana haki ya kulijua hilo kabla hajaketi mbele ya kamera.

Kipande cha mwisho, "iliyoambatishwa hapa", ndicho kinachofanya kazi kubwa zaidi. Ukiandika "kwa madhumuni ya elimu", umeacha mlango wazi: kesho mtu wa klabu anaweza kuitumia sura ileile kwa mzaha kuhusu mwalimu mkuu na akadai kuwa huo nao ni mradi wa kujifunza. Maneno yatakayosemwa na sura hiyo yakiambatishwa neno kwa neno, mabadiliko yoyote yanahitaji sahihi mpya.

Swali la nani ataiona video nalo lisifungwe ndani ya sahihi moja. Kuwe na visanduku tofauti, kila kimoja na ndiyo au hapana yake: ndani ya klabu, mbele ya shule nzima, siku ya wazazi, mtandaoni. Mtu anaweza kukubali cha kwanza na kukataa vingine vyote, na bado akawa mshiriki kamili. Kwa kisanduku cha mtandaoni, ningekiondoa kabisa pale washiriki ni watoto. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na hizo zilikuwa picha za kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto, kwa hiyo aliye chini ya miaka 18 atahitaji sahihi mbili: ya mzazi, na yake mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasita, jibu ni hapana.

Sasa kujitoa. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na kuongeza kwamba yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo hayageuki kuwa haramu. Kwenye fomu ningeyaweka hivi: "Naweza kujitoa wakati wowote, kwa mdomo au kwa ujumbe, bila kutoa sababu. Alama zangu na nafasi yangu katika klabu hazitaguswa. Ndani ya siku 7 klabu itafuta video yangu, picha zilizokatwa, modeli iliyojifunza sura yangu, video zote zilizotokana nayo, na nakala zake zote. Nitaitwa nishuhudie." Chini yake liwepo jina la mtu wa kuambiwa, na asiwe mwalimu anayesahihisha kazi hiyo. Mwanafunzi hataki kumwambia mwenye kalamu nyekundu kwamba amebadili nia.

Neno "modeli" ndilo linalokosekana kwenye fomu nyingi. Modeli ni faili ambamo kompyuta huweka ilichojifunza kuhusu nyuso hizo, baada ya kuzichambua kwa saa au hata siku nyingi. Nyuso za wote wawili hufundishwa pamoja, na sehemu ya modeli ni ya pamoja, kwa hiyo huwezi kuchomoa sura ya mmoja ukabakiza ya mwingine. Akijitoa mmoja, modeli yote inafutwa na kazi inaanza upya na mtu mwingine. Kama klabu ilianza na modeli iliyopakuliwa ikiwa tayari, ile ya asili inaweza kubaki. Kilichofundishwa juu yake ndicho kinachoondoka.

Kufuta nako kuna vichochoro vyake. Video za awali huitwa `data_src.mp4` na `data_dst.mp4`, nyuso zilizokatwa hukaa kwenye folda za `aligned`, na kazi iliyokamilika ni `result.mp4`. Hizo huonekana upesi. Lakini ndani ya folda ya `model` kunaweza kuwa na folda zinazoishia na `_autobackups`, zenye nakala za akiba, na `_history`, zenye picha za maendeleo ambamo uso wa mtu unaonekana wazi. Kisha iko simu iliyorekodi. Kama inapakia picha zenyewe kwenye Google Photos, kilichofutwa hukaa kwenye kapu la taka hadi siku 60, hivyo ahadi ya siku 7 haitimii mpaka kapu limwagwe.

Na lipo lisilofutika. Video ikishaonyeshwa ukumbini, mtu anaweza kuwa ameirekodi kwa simu yake. Fomu iseme hivyo bila kupamba: "Baada ya maonyesho, klabu itafuta kila nakala iliyo mikononi mwake, lakini haiwezi kuahidi kuhusu nakala zilizochukuliwa na watazamaji." Kwa sababu hiyo washiriki wote wawili waione video iliyokamilika faraghani kwanza, na waseme ndiyo mara ya pili, kwa sahihi na tarehe, kabla haijatoka kwenye kompyuta ya klabu. Maandishi "Sura imebadilishwa kwa kompyuta" yabaki juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, si kwenye sekunde za kwanza pekee, maana kipande kinachosambaa huwa ni cha katikati.

Faili zote zikishafutwa, fomu yenyewe haichanwi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa klabu, kwa hiyo karatasi hiyo, ikiwa na tarehe ya kujitoa, tarehe ya kufuta na sahihi ya aliyeshuhudia, hubaki kwa mwalimu mlezi chini ya kufuli, na mshiriki huondoka na nakala yake. Picha ya mshiriki isibandikwe juu yake.