Namna ya kusoma jedwali la regresheni
Mwanafunzi wa takwimu amechambua vipimo 50 vya breki za magari, vilivyochukuliwa miaka ya 1920. Chini ya `Estimate`, koefishenti ya mwendo ni 3.93: mwendo ukiongezeka maili 1 kwa saa, umbali wa kusimama huongezeka kwa wastani wa futi 3.93.

Thamani ya p, `1.49e-12`, ni ndogo mno. Kama mwendo na umbali visingehusiana, matokeo kama haya yangekuwa nadra sana.

R ya mraba ni 0.65, yaani mwendo unaeleza asilimia 65 ya tofauti za umbali.

Lakini mwendo ukiwa 0, modeli inatoa futi -17.58, jambo lisilowezekana. Usitabiri nje ya mwendo uliopimwa, maili 4 hadi 25.