Mkataba wa Ujenzi Unapogeuka Hasara

Mkataba wa ujenzi huwa wa hasara pale gharama zisizoepukika za kuutimiza zinapozidi malipo yote yatakayopatikana kwa kazi hiyo. Mara nyingi hali hii huwapata makandarasi waliokubali bei isiyobadilika. Kazi huanza kwa matumaini ya faida, kisha nondo na saruji hupanda bei, au wachimbaji wa msingi hukuta mwamba ambao vipimo vya udongo havikuuonyesha. Gharama hupanda, lakini bei ya mkataba hubaki ileile.

Kwa kazi inayochukua miaka kadhaa, mapato huingizwa vitabuni kidogo kidogo kadiri ujenzi unavyosonga mbele, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha IFRS 15. Hasara haigawanywi hivyo. Kiwango cha IAS 37 kinataka hasara yote inayotarajiwa iandikwe mara tu inapogundulika, hata kama nusu ya kazi bado haijaguswa. Sababu ni kwamba faida hupatikana kwa kufanya kazi, ilhali hasara hii tayari ni mzigo: mkandarasi alishajifunga kwa saini yake na hawezi kujinasua bila kulipa. Ikiwa fidia ya kuuvunja mkataba ni ndogo kuliko hasara ya kuumaliza, kiasi hicho kidogo ndicho huandikwa.

Mfano ni wa kampuni inayojenga daraja kwa miaka mitatu, kwa bei ya shilingi bilioni 10. Mwanzoni gharama zote zilikadiriwa kuwa bilioni 9. Mwaka wa kwanza kampuni ilitumia bilioni 2.7, yaani asilimia 30 ya makadirio. Kwa hiyo iliandika asilimia 30 ya bei, bilioni 3, kuwa mapato, ikabaki na faida ya bilioni 0.3.

Mwaka wa pili makadirio yalipanda hadi bilioni 11. Sasa mkataba mzima utaleta hasara ya bilioni 1. Kufikia mwisho wa mwaka huo kampuni ilikuwa imetumia jumla ya bilioni 6.6, sawa na asilimia 60 ya makadirio mapya, na mapato yake tangu mwanzo yakawa bilioni 6. Mapato ya mwaka wa pili peke yake ni bilioni 3, gharama zake bilioni 3.9, na pengo ni bilioni 0.9.

Hesabu haiishii hapo. Kazi iliyobaki italeta bilioni 4 na kugharimu bilioni 4.4. Upungufu huo wa bilioni 0.4 nao huandikwa mwaka huohuo:

Debiti: gharama za mkataba, bilioni 0.4
Krediti: tengo la hasara ya mkataba, bilioni 0.4

Tengo hilo hukaa kwenye mizania kama deni. Hasara ya mwaka wa pili basi ni bilioni 1.3. Huzidi hasara ya mkataba mzima kwa bilioni 0.3, kwa sababu inaifuta pia faida iliyoandikwa mwaka wa kwanza.

Mwaka wa tatu daraja linamalizika. Mapato ya bilioni 4 na gharama za bilioni 4.4 huandikwa kama kawaida, kisha tengo hutumiwa:

Debiti: tengo la hasara ya mkataba, bilioni 0.4
Krediti: gharama za mkataba, bilioni 0.4

Mwaka huo unafunga bila faida wala hasara, na tengo linabaki sifuri. Kama gharama za mwisho zingefika bilioni 4.6, nyongeza ya bilioni 0.2 ingekuwa hasara ya mwaka wa tatu. Zingeshuka hadi bilioni 4.3, kampuni ingeonyesha faida ya bilioni 0.1. Mkataba ukiendelea kwa miaka mingi zaidi, tengo hupimwa upya kila mwisho wa mwaka na kupunguzwa kadiri kazi yenye hasara inavyokamilika.

Ubishi mkubwa huwa juu ya makadirio yenyewe. Vifaa, vibarua na sehemu ya uchakavu wa mitambo inayotumika kwenye daraja huhesabiwa, lakini kodi ya pango ya makao makuu haihesabiwi, isipokuwa mkataba unamtaka mteja ailipe. Madai ya kazi za nyongeza yanayobishaniwa hayapaswi kuingizwa kwenye mapato kwa kutumaini tu. Mkaguzi anayeona makadirio ya gharama hayajabadilika kwa mwaka mzima, huku ankara za nondo zikionyesha bei za juu, huwa na sababu ya kushuku kwamba hasara imeahirishwa.